Ukanda wa utabiri unatoka kwenye makosa ya modeli yako, sasa hayo makosa umeyaokota wapi?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, niende moja kwa moja kwenye jambo lililonileta hapa. Tuseme una modeli inayotabiri matumizi ya umeme ya kesho, inakuambia megawati 640, na mtu anayepanga mitambo ipi iwashwe anakuuliza swali la haki kabisa: 640 toa au ongeza ngapi? Hiyo "toa au ongeza ngapi" ndiyo tunaita ukanda wa utabiri, na leo nazungumzia namna ya kuujenga juu ya modeli yoyote ile, iwe mstari mnyoofu, iwe msitu wa maamuzi, iwe mtandao wa nyuroni, bila kudai kwamba makosa yanafuata kengele ya Gauss. Njia yenyewe inaitwa konfomali. Walioijengea msingi ni Vladimir Vovk na wenzake kina Alexander Gammerman na Glenn Shafer, na hili umbo jepesi nitakalolieleza, la kutenga kipande cha data pembeni kwa ajili ya kalibresheni, limekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kabla sijaingia kwenye hesabu niwaambie nilivyoangukia hapa. Mara ya kwanza kutoa ukanda wa asilimia 90 kazini nilichukua makosa ya modeli kwenye data zilezile nilizoifundishia, nikapanga, nikakata pale kwenye 90, nikapeleka. Baada ya siku 50 nikahesabu, siku 17 thamani halisi ilikuwa nje ya ukanda. Yani niliahidi nje kutoke mara 5 hivi na zikatoka 17. Hesabu ya kukata haikuwa tatizo kubwa, tatizo ni kwamba modeli ilikuwa imeshaziona zile siku, imezikariri, kwa hiyo makosa yake pale yalikuwa madogo kuliko makosa inayofanya ikikutana na siku mpya. Tangu hapo ninachoangalia kwanza kwenye ukanda wa mtu yeyote ni makosa yalikotoka, fomula naiangalia baadaye.

Sasa hesabu. Chukua siku 19 ambazo modeli haikufundishwa nazo, kila siku ilitabiri halafu tukaona ukweli, tukachukua tofauti bila kujali alama, hayo ndiyo masalio ya kalibresheni. Nimeyapanga toka dogo hadi kubwa, kwa megawati:

2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9, 11, 12, 13, 14, 16, 18, 19, 22, 25, 31, 44

Unataka ukanda wa asilimia 90. Unachukua idadi ya masalio, unaongeza 1, unapata 20, unazidisha kwa 0.9, unapata 18 (ikitoka na desimali unapandisha juu). Basi salio la 18 kwenye mstari ndiyo nusu-upana wako, hapa ni 31. Kesho ni 640, kwa hiyo ukanda ni 609 hadi 671. Imeisha, hakuna kingine.

Ila hiyo +1 msiipite haraka maana ndiyo roho ya jambo zima. Fikiria kosa la kesho kama salio la 20 ambalo bado hujaliona. Kama siku hizi 20 zinaweza kubadilishana nafasi, maana yake hakuna sababu ya kosa la kesho kuwa kubwa au dogo kuliko ya siku zingine, basi ukiyapanga yote 20 kosa la kesho lina nafasi sawa ya kuwa la kwanza, la pili, mpaka la 20. Litatoka nje ya ukanda pale tu likizidi lile la 18 kati ya zile 19 ulizonazo, yani likiangukia nafasi ya 19 au ya 20. Nafasi 2 kati ya 20, asilimia 10. Ona kwamba sijasema chochote kuhusu modeli kuwa nzuri! Modeli mbovu itakupa masalio makubwa na ukanda mpana, lakini ahadi ya 90 itasimama palepale, kwa sababu ahadi inatoka kwenye kupanga foleni tu. Ubora wa modeli unaonekana kwenye upana.

Hapo hapo kuna mtego ambao nimeuona kwenye kodi za watu wengi sana. Mtu anaandika `np.quantile(masalio, 0.9)` anaridhika. Kwa masalio yetu 19 hiyo inarudisha 26.2, sio 31, kwa sababu inakata kati ya la 17 na la 18 na haijui kabisa kwamba kuna salio la 20 linakuja. Ukanda unakuwa mwembamba kuliko ulivyoahidi. Ukiwa na masalio elfu tofauti haionekani, ukiwa na 19 au 30 inauma. Andika hivi, `alfa` ikiwa sehemu ya siku unayokubali itoke nje, kwa ukanda wa 90 ni 0.1:

```python
import numpy as np

def nusu_upana(masalio, alfa):
    s = np.sort(np.abs(masalio))
    k = int(np.ceil((len(s) + 1) * (1 - alfa)))
    return s[k - 1] if k <= len(s) else np.inf
```

Ule mstari wa mwisho, `np.inf`, watu wanaufuta wakidhani ni hitilafu. Hapana, uacheni. Ukiwa na masalio 8 tu na unataka 90, hesabu inakupa 9 kwa 0.9, ni 8.1, unapandisha 9, na wewe salio la 9 huna. Njia inakwambia kwa uwazi kwamba masalio 8 hayatoshi kuahidi 90, ukanda ni kutoka hasi isiyo na mwisho mpaka chanya isiyo na mwisho. Vivyo hivyo zile 19 zetu zinaweza kubeba 95 (salio la 19, yani 44, ukanda 596 hadi 684) ila 99 haziwezi. Mwenye kutaka 99 anahitaji masalio 99 kwa uchache.

Haya, turudi kwenye makosa yanatoka wapi, na hapa nitakaa kidogo.

Kwenye utabiri wa mfululizo wa siku huwezi kuchukua siku kwa bahati nasibu ukaziweka pembeni kama watu wa picha za paka wanavyofanya, maana modeli itafundishwa na siku ya Jumatano na kupimwa na Jumanne iliyo jirani nayo, na Jumanne hiyo itakuwa rahisi isivyo halali. Unachofanya ni kusogeza mwanzo. Una siku 500, basi unafundisha mpaka siku ya 300, unatabiri 301 hadi 307, unahifadhi makosa, halafu unasogea siku moja, unafundisha mpaka 301, unatabiri 302 hadi 308, na kuendelea mpaka data ziishe. Kama kufundisha kila siku ni gharama na ukweli wa kazini ni kwamba modeli yako inafundishwa upya kila wiki, basi fundisha kila wiki hata kwenye kalibresheni, iige ile kazi yenyewe.

Mwisho wa zoezi una masalio 200 ya utabiri wa siku moja mbele na masalio 194 ya utabiri wa siku saba mbele (mianzo ya mwisho sita haina siku ya saba ya kupimia). Haya ni mafungu tofauti, usiyachanganye! Kila umbali unapata foleni yake na nusu-upana wake: kwa siku moja mbele unachukua salio la 181, kwa siku saba mbele unachukua la 176 kutoka fungu lake. Ukiyamwaga yote kwenye chungu kimoja ukanda wa kesho unakuwa mpana bure na ukanda wa wiki ijayo unakuwa mwembamba kwa hatari, na wastani ukiupima unaonekana 90 safi kabisa, kwa hiyo hutashtuka.

Sasa kuna uvujaji mmoja kwenye utabiri wa umeme ambao naomba muukumbuke hata mkisahau mengine. Modeli ya umeme karibu zote zinatumia joto la hewa. Kwenye kalibresheni mtu ana faili la zamani, ndani kuna joto lililopimwa kweli siku ile, analipa modeli, modeli inatabiri vizuri, masalio yanakuwa madogo. Kazini sasa, leo nikitabiri kesho, joto la kesho silijui, natumia joto *lililotabiriwa*, ambalo lenyewe lina kosa lake. Kwa hiyo masalio yote 200 yalikosa kosa la watu wa hali ya hewa, na ukanda wangu hautalifunika. Dawa yake ni kutunza kumbukumbu za utabiri wa joto kama ulivyotolewa siku ile, sio kama ulivyokuja kuwa, na kuzitumia kwenye kalibresheni. Kama kumbukumbu hizo hamna anzeni kuzihifadhi leo, na mpaka zitakapotosha mwambieni mtumiaji wazi kwamba ukanda unahesabu joto kama linajulikana. Kitu hichohicho kinatokea kwa data zinazosahihishwa baadaye, kile ulichokuwa nacho asubuhi ya siku ya utabiri ndicho kinachoruhusiwa kuingia, sio kile kilichokuja kurekebishwa mwezi mmoja mbele.

Jinsi ya kutambua kwamba umevujisha: tenga kipande cha tatu mwishoni kabisa, siku 100 hivi ambazo hazikugusa mafunzo wala kalibresheni, zipitishe kwa njia ileile ya kazini mwanzo mpaka mwisho, hesabu zilizotoka nje. Ukitarajia 10 na ukapata 8 au 13 tulia, bahati tu. Ukipata 25, kuna kitu kimevuja au dunia imebadilika kati ya vipande hivyo viwili.

Jambo lingine ni hii 90 yenyewe inaahidi nini. Inaahidi wastani wa siku zote pamoja, basi. Tuseme umepima siku 140, ambazo ni siku 100 za kazi na 40 za wikiendi, zimetoka nje 14, asilimia 10 kamili, unafurahi. Ukizigawa unakuta siku za kazi zimetoka 4 tu na wikiendi zimetoka 10. Yani siku za kazi unafunika 96, wikiendi unafunika 75! Mtu anayepanga zamu ya Jumapili amepewa ukanda wa 75 ulioandikwa 90, na hajui. Hakuna kanuni iliyovunjwa hapo, njia ilitimiza ilichoahidi, ila nadhani tutakubaliana kwamba mtu wa Jumapili hakupata alichokiomba.

Njia rahisi ni kila kundi liwe na foleni yake, wikiendi peke yake, siku za kazi peke yake, kama masalio yanatosha. Yasipotosha, gawanya kila salio kwa ukubwa wa kawaida wa makosa ya siku ya aina hiyo, uliokadiria kwenye kipande kingine sio kilekile cha kalibresheni. Mfano, makosa ya kawaida siku ya kazi ni megawati 9, wikiendi ni 20. Unagawanya, unapanga foleni moja ya namba hizo zisizo na kipimo, unapata ile ya nafasi yako, tuseme imetoka 2.2. Siku ya kazi nusu-upana ni 2.2 mara 9, karibu 20, na wikiendi ni 2.2 mara 20, yani 44. Masalio yote yamechangia foleni moja na bado ukanda unapumua kulingana na siku. Mimi binafsi ndiyo naanza nayo kila mara, naona ule ukanda wenye upana mmoja mwaka mzima unafaa kwa zoezi la darasani tu.

Sasa niseme kuhusu lile neno nililolipitisha kimyakimya, "zinaweza kubadilishana nafasi". Kwenye mfululizo wa muda hilo sio kweli kamili, na sitaki mtu atoke hapa akidhani ni kweli. Makosa ya jana na leo yanafanana, majira yanabadilika, kiwanda kikubwa kinafungwa, watu wanaweka paneli za sola juu ya mapaa na matumizi ya mchana yanashuka modeli ikiwa haina habari. Dalili yake huwa iko wazi ukiichora: kutoka nje kunakuja kwa makundi. Siku 60 kimya, halafu siku 5 mfululizo nje. Ukiona hivyo, hata kama jumla ni 10, ukanda wako umechelewa.

Ya kwanza ya kufanya ni dirisha linalotembea, tumia masalio 200 ya karibuni tu na kila siku ongeza jipya toa la zamani. Inasaidia ila inachelewa, kwa sababu siku mbaya 5 kati ya 200 hazisogezi foleni sana. Ya pili waliileta Isaac Gibbs na Emmanuel Candès mwaka 2021, na naipenda kwa sababu ni mstari mmoja. Badala ya alfa kuwa 0.1 milele, unaiacha itembee:

```python
nje = 1 if abs(halisi - utabiri) > nusu_upana(masalio, alfa_t) else 0
alfa_t = alfa_t + gama * (0.1 - nje)
```

Hiyo `gama` ni ukubwa wa hatua ya kila siku, iweke iwe 0.02 tuone. Siku ukweli ukitoka nje, alfa inashuka kwa 0.018, kwa hiyo kesho ukanda unapanuka. Siku ukibaki ndani, alfa inapanda kwa 0.002 tu. Kutoka nje mara moja kunafutwa na kubaki ndani mara tisa, na huo ndio uwiano wa 90 kwa 10 wenyewe. Ukiwa na masalio 199, nafasi yako kwenye foleni inaruka kutoka la 180 kwenda la 184 baada ya siku moja mbaya, na siku tano mbaya mfululizo zinaipeleka alfa kwenye 0.01, nafasi ya 198, karibu na mwisho kabisa wa foleni. Siku ya sita mbaya alfa inaingia chini ya sifuri na ukanda unakuwa hauna mwisho, ambako watu wazima kazini huweka ukomo, mfano uwezo wote wa mitambo, ila wakiweka ukomo wajue wametoka kwenye uthibitisho.

Uthibitisho unasema nini: kwa muda mrefu sehemu ya siku zilizo nje itakaribia 0.1 hata kama data zinabadilika vyovyote, hauhitaji ile habari ya kubadilishana nafasi. Lakini ni kwa muda mrefu. Kwa kesho haahidi mtu. Na gama ndogo inachelewa kushtuka, gama kubwa inafanya ukanda uyumbe kila siku mpaka mtumiaji aache kuuamini, kwa hiyo jaribu thamani tatu nne kwenye data za zamani, chora ukanda, uangalie kwa macho.

Nikapokea maswali. Dada mmoja wa mbele akaniuliza, "Kaka, umetumia masalio 19 kwa mfano, kazini niwe na mangapi?" Swali zuri na lina jibu la namba. Ile 90 ni wastani wa kalibresheni zote ambazo ungeweza kufanya, ila wewe unafanya moja tu, na hiyo moja ukanda wake unaweza ukawa unafunika kweli 84 au 95, kutegemea umeangukiwa na masalio gani. Kama masalio hayategemeani, mtawanyiko huo unajulikana: kwa masalio 19 ni pointi kama 6.5 za asilimia juu au chini, kwa 199 ni pointi 2.1, kwa 999 ni kama pointi 1. Mimi nisingepeleka ukanda kwa mtu wa maamuzi nikiwa chini ya 200. Halafu kumbuka masalio ya siku saba mbele yanapishana, utabiri uliotolewa Jumatatu na ule wa Jumanne zinagawana siku sita za mshtuko uleule, kwa hiyo hizo 194 zina habari ya masalio machache zaidi ya hapo, na kwa umbali huo ningetafuta data za nyuma zaidi kabla sijasema 90.

Akaongeza, "Na kama makosa yangu yako upande mmoja, modeli inakadiria chini kila mara?" Basi usifute alama. Weka masalio na alama zake, ukweli toa utabiri, chukua la chini kwa asilimia 5 na la juu kwa asilimia 5, kila upande na nafasi yake, ukanda utakaa upande unaostahili. Kwa masalio 19 hiyo ni dogo kuliko yote na kubwa kuliko yote, ndiyo maana nikasema tafuta 200. Na ukiona ncha ya chini nayo iko juu ya sifuri, yani karibu masalio yote ni chanya, rudi kwenye modeli kwanza, kuna kitu inakisahau kila siku.